Kadi za Kumi: Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Wanaoingia na Wanaotoka ili Banda la Maonesho Lisizidi Ukomo Hata kwa Dakika Moja

Mpango wa kawaida kwenye maonesho yetu ni huu: kijana mmoja mlango wa kuingilia ana kaunta ya mkono, mwenzake mlango wa kutokea ana nyingine, na kila baada ya robo saa wanatoleana namba kwa redio koo. Ikifika saa 9 alasiri daftari linasema ndani wamo watu 350, lakini ukichungulia huoni sakafu.

Sababu ni kwamba mpango huo unahesabu watu waliokwisha kuingia. Mlango wenye njia mbili hupitisha watu 50 kwa dakika bila shida, kwa hiyo taarifa ikichelewa dakika moja tu, watu 50 wamo ndani bila mtu kuwajua. Wakiwepo walinzi wawili kwenye milango miwili, wote wakitazama namba moja kwenye simu, hali ni mbaya zaidi: huyu anaona imebaki nafasi moja, na yule anaona imebaki nafasi moja, kila mmoja anaruhusu mtu wake, na ukomo umepita bila yeyote kukosea.

Dawa ni kugeuza utaratibu. Badala ya kuhesabu watu halafu ukalinganisha na ukomo, gawa nafasi zenyewe zikiwa kadi zinazoshikika mkononi, na mtu asipite bila nafasi yake kutumika kwanza. Mfano utakaotumika hapa ni banda moja la ndani, la aina unayoikuta Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa au Nanenane pale Nzuguni, lenye mlango mmoja wa kuingilia, mmoja wa kutokea na mmoja wa dharura.

## Vifaa

- Kadi ngumu 40 zenye ukubwa wa daftari dogo, zilizolaminetiwa, upande mmoja kijani na upande mwingine nyekundu. Kila moja iwe na namba yake na muhuri wa msimamizi.
- Kaunta za mkono za kubonyeza 4: mbili za kazi, mbili za akiba.
- Masanduku 2 yasiyo na mfuniko, na mifuko 2 ya kuning'iniza shingoni kwa mpeleka kadi.
- Vyuma vya kuzuia foleni, vile vinavyonyanyuliwa na watu wawili. Usitumie vya kufunga kwa nati.
- Tepu nene ya rangi kwa ajili ya mistari ya sakafuni.
- Ubao wenye misumari na vitambulisho vyenye tundu, kwa ajili ya wafanyakazi.
- Kipaza sauti cha mkono, daftari la zamu na saa ya ukutani.

Watu wanaohitajika ni saba: watatu kuingilia, wawili kutokea, mpeleka kadi mmoja na msimamizi wa hesabu mmoja. Ukiwa na pungufu ya hapo, punguza idadi ya wageni. Usimwambie mtu mmoja apange foleni na kuhesabu kwa wakati mmoja. Atafanya kazi moja tu, na mara zote itakuwa ile ya kupanga foleni, kwa sababu foleni ndiyo inayompigia kelele.

## Hatua ya 1: Pata ukomo wa kweli

Ukomo una pande mbili: sakafu inabeba wangapi wakitembea kwa raha, na milango inatoa wangapi moto ukiwaka. Namba ndogo ndiyo unayoifuata.

Anza na sakafu. Banda letu ni mita 40 kwa 25, yaani mita za mraba 1,000. Ndani kuna vizimba 40 vya mita 3 kwa 3, ambavyo vinakula 360. Jukwaa na stoo vinakula 40. Zinabaki 600 za kutembea. Mwongozo wa usalama wa moto katika kanuni za ujenzi za Uingereza unahesabu mita ya mraba 1.5 kwa kila mtu kwenye ukumbi wa maonesho. Hapa tunaitumia kwa eneo la kutembea peke yake, jambo ambalo ni kali kidogo, lakini vizimba vyetu huwa na tabia ya kutokeza meza njiani. Gawanya 600 kwa 1.5, unapata wageni 400.

Sasa milango. Mwongozo huohuo unahesabu milimita 5 za upana kwa kila mtu kwenye milango mipana, na unakutaka uchukulie kwamba mlango mmoja, tena ule mpana kuliko yote, umezibwa na moto. Kuingilia ni mita 2, kutokea mita 2, dharura mita 1.2. Toa mmoja wa mita 2, unabaki na mita 3.2, yaani watu 640.

Hapa usisahau wenye vizimba. Wawili kila kizimba ni 80, ongeza walinzi na wasafishaji 10, jumla 90. Wageni 400 na hao 90 ni 490, bado chini ya 640. Kwa hiyo sakafu ndiyo inayobana, na ukomo wa wageni ni 400.

Angalia sasa kinachotokea mtu akifunga mlango wa dharura kwa kufuli kwa sababu anaogopa wizi, au mwenye kizimba akiuegeshea jenereta. Unabaki na mlango mmoja wa mita 2 baada ya kutoa ule wa moto: watu 400 kwa jumla, wafanyakazi wakiwemo. Ukitoa 90, wageni ni 310. Kufuli moja limekula nafasi 90. Mwoneshe mwenye funguo hesabu hiyo kwenye karatasi. Inaeleweka upesi kuliko kumgombeza.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakikuandikia namba ndogo kuliko hii, yao ndiyo ukomo. Wakikuandikia kubwa, baki na yako.

## Hatua ya 2: Acha nafasi ya makosa

Hakuna anayehesabu watu siku nzima bila kukosea. La kujua ni kwamba kosa halilingani na idadi ya watu waliomo ndani. Linalingana na idadi ya waliopita mlangoni.

Tuseme mgeni wa kawaida anakaa ndani nusu saa na banda linabaki na watu kama 380. Maana yake kila nusu saa wote wamebadilika, hivyo kwa saa wanapita 760. Kwa saa mbili ni 1,520. Mlinzi wa kuingilia akikosa mtu mmoja kati ya 100, baada ya saa mbili kuna watu 15 ndani wasiohesabiwa.

Kwa hiyo weka akiba ya 20, na uhakikishe kila baada ya saa mbili hesabu inasawazishwa (hatua ya 7). Wageni 400 ukitoa 20 ni 380. Hizo ni kadi 38, kila kadi ikiwa na nafasi kumi. Kadi mbili zilizobaki zinafungiwa kwa msimamizi, na hazitoki kwa sababu ya foleni kuwa ndefu.

## Hatua ya 3: Panga milango

Mlango wa kuingilia uwe wa kuingilia tu, na wa kutokea uwe wa kutokea tu. Mlango unaopitisha watu pande zote mbili hauhesabiki wakati wa msongamano. Aliyesimama kizingitini akiongea na simu atahesabiwa mara tatu au asihesabiwe kabisa.

Kuingilia, tumia vyuma kutengeneza njia moja yenye upana wa sentimita 80 hadi 90, mtu mmoja mmoja, pamoja na njia ya pembeni pana zaidi kwa viti vya magurudumu na mikokoteni ya watoto. Piga tepu mstari wa kwanza mita 3 kabla ya mlango: hapo ndipo kundi la kumi linasimama.

Kutokea, usibane kitu. Huu ni mlango wa kuokoa watu na lazima ubaki na mita zake 2 zote. Badala ya vyuma, piga mstari wa tepu nje, mita moja na nusu baada ya kizingiti. Mtu anahesabiwa kuwa ametoka akishavuka mstari huo kwa miguu yote miwili. Wale wanaosimama mlangoni kusubiri wenzao bado wamo ndani.

Mpeleka kadi apite nje ya banda. Akipita ndani atakwama palepale penye msongamano, wakati ambao kadi zinahitajika zaidi.

## Hatua ya 4: Jinsi kadi inavyozunguka

Kijani maana yake nafasi kumi ziko wazi. Nyekundu maana yake nafasi kumi zimetumika.

1. Asubuhi kadi zote 38 ziko kuingilia, upande wa kijani juu.
2. Mpanga foleni anahesabu watu kumi na kuwasimamisha kwenye mstari.
3. Mgawa kadi anachukua kadi moja ya kijani, anaigeuza nyekundu kwanza, halafu ndipo anawaruhusu hao kumi. Mlinzi wa tatu anabonyeza kaunta kwa kila mmoja anayepita.
4. Kadi nyekundu inawekwa sandukuni. Mpeleka kadi anazikusanya na kuzipeleka kutokea.
5. Kutokea, mlinzi anabonyeza kwa kila anayevuka mstari. Wakifika kumi, mwenzake anageuza kadi moja nyekundu kuwa kijani na kuiweka kwenye mfuko wa kurudishwa.
6. Mpeleka kadi anazirudisha kuingilia. Kule kukiwa hakuna kadi ya kijani, hakuna anayeingia, hata akiwa nani.

Uzuri wake uko kwenye mpangilio wa muda. Kadi inageuka nyekundu *kabla* ya watu kuingia, na inageuka kijani *baada* ya watu kutoka. Kwa hiyo wakati wowote ule, walioruhusiwa na bado wamo ndani hawawezi kuzidi kadi nyekundu mara kumi. Mpeleka kadi akichelewa, akipumzika, akijikwaa, hakuna hatari inayoongezeka: nafasi zinakaa tupu kwa dakika mbili zaidi, basi. Redio ikizimika au umeme ukikatika, kadi hazijui.

Kwa kasi ya wageni 760 kwa saa, kadi moja inaingia kila baada ya sekunde 47 hivi. Mpeleka kadi anayetembea dakika moja kila upande atakuwa na kadi tatu au nne njiani muda wote. Hizo ni nafasi 30 hadi 40 zinazosubiri. Zikikuuma, ongeza mpeleka kadi wa pili, usiongeze kadi.

Ukiwa na milango miwili ya kuingilia, gawa kadi 19 kila upande. Mlango mmoja ukiishiwa huku mwingine una kadi za kijani za ziada, mpeleka kadi azihamishe. Hakuna anayehitaji kujua namba ya mwenzake, na ule mgongano wa walinzi wawili kuiona nafasi moja haupo tena, kwa sababu kadi moja haiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili.

Dalili kwamba mambo yako sawa: ukiwasimamisha wote na kuuliza, kadi za kuingilia, za kutokea na zilizo kwa mpeleka kadi zinajumlisha 38. Zikiwa 37, moja imepotea. Umepoteza nafasi kumi, na usitengeneze nyingine mpaka banda lifungwe. Zikiwa 39, simamisha kuingia papo hapo. Mtu amenakili kadi, na ndiyo maana zina namba na muhuri.

## Hatua ya 5: Ukishuku, elemea upande salama

Mpe kila mlinzi kanuni moja inayomhusu. Wa kuingilia: *ukishuku, hesabu.* Wa kutokea: *ukishuku, usihesabu.*

Mama ana mtoto mgongoni? Ni watu wawili, kuingia na kutoka. Siku ya moshi mtoto huyo naye anahitaji hewa na njia. Pia ni rahisi kwa mlinzi kuliko kuanza kukadiria umri wa mtoto mlangoni.

Marafiki wametoka wakiwa wameshikana mabega na mlinzi wa kutokea hakuona vizuri kama walikuwa watatu au wanne? Anabonyeza tatu. Mtu amerudi kwa mlango wa kuingilia akisema anafuata gari lake? Aachwe atoke, lakini hahesabiwi. Mtu ametokea mlango wa dharura? Hahesabiwi. Yote haya yanafanya kadi zionyeshe watu wengi kuliko waliomo, kosa ambalo halimuumizi mtu.

Kosa kubwa la upande wa pili ni moja, nalo ndilo la kuzuia kwa nguvu zote: mtu anayeingia kwa mlango wa kutokea. "Nimesahau simu kwenye kizimba, dakika moja tu." Huyo hajatumia kadi yoyote, na wakati wa kutoka atahesabiwa, hivyo atafungua nafasi ambayo hakuwahi kuishika. Watu kumi wa namna hiyo wanazalisha kadi ya kijani isiyostahili. Mlinzi wa pili wa kutokea asimame akitazama nje, mgongo kwa banda, kazi yake ikiwa hiyo. Aliyesahau simu apelekwe kuingilia na apite na kundi linalofuata, mbele ya foleni ikibidi.

## Hatua ya 6: Wafanyakazi, wanafunzi na mgeni rasmi

Wenye vizimba hawatumii kadi za kumi. Kila kizimba kinapewa vitambulisho viwili vinavyoning'inia kwenye ubao wa misumari karibu na mlango. Anayeingia anakichukua, anayetoka anakirudisha. Msumari mtupu ni mtu aliye ndani. Wa tatu wa kizimba hicho, hata akiwa mdogo wake mwenye kizimba aliyeleta chakula, anapanga foleni kama mgeni. Mlango wa nyuma wa kushushia mizigo ndipo namba nyingi zinapovujia. Ufungwe kwa mizigo saa moja kabla ya wageni kuanza kuingia, lakini uendelee kufunguka kwa ndani kama unahesabiwa kuwa wa dharura.

Shule imekuja na wanafunzi 45 na walimu 3. Ni 48, yaani kadi 5. Usiwaingize nusu nusu. Mwalimu akiona nusu ya watoto wamebaki nje atalazimisha. Wapangwe pembeni, mgawa kadi asubiri kadi tano za kijani zikusanyike, kisha nafasi mbili zinazobaki zijazwe na watu wawili wa mbele kwenye foleni.

Mgeni rasmi hafiki peke yake. Anakuja na wasaidizi, walinzi na wapiga picha wanaotembea kinyumenyume. Uliza mapema idadi yao. Wakiwa 30, anza kuzuia kadi robo saa kabla: kila kadi tatu za kijani zinazorudi, toa mbili tu na uweke moja kando, mpaka zifike tatu. Kwa mwendo wa kawaida hilo linachukua dakika saba hadi nane. Msafara ukifika kadi zao zinageuzwa nyekundu kama za wengine. Msimamizi ndiye anayeongea na itifaki. Kijana wa mlangoni hawezi kumzuia mkuu wa mkoa, na si haki kumtegemea afanye hivyo.

## Hatua ya 7: Sawazisha kila baada ya saa mbili

Walinzi wa kutokea wamefundishwa kutohesabu wanaposhuku, kwa hiyo kadi nyekundu zitauzidi ukweli kidogo kidogo. Ukiacha hivyo siku nzima, jioni utakuta foleni inafika barabarani huku banda lina nafasi. Hapo ndipo mfumo unapokufa: mgawa kadi anachungulia, anaona sakafu, anaanza kuruhusu "wachache tu" bila kadi. Usawazishaji unamwondolea kishawishi hicho.

Fanya hivi:

1. Simamisha kuingia. Tangaza kwa kipaza sauti kwamba ni dakika tano za kuhesabu. Kutoka kunaendelea, lakini hakuna kadi inayogeuzwa.
2. Gawa banda kwa urefu katika njia nne. Watu wanne waanze sambamba upande wa kuingilia na kutembea kwa mwendo mmoja kuelekea kutokea. Kila mmoja anahesabu kila mgeni anayemwacha nyuma au anayepishana naye katika njia yake, wakiwemo waliojipenyeza ndani ya vizimba.
3. Rudieni mara ya pili, mkibadilishana njia.
4. Chukua jumla iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Waliotoka wakati wa kuhesabu usiwaondoe.
5. Ipandishe mpaka kumi inayofuata. Hiyo ndiyo idadi ya kadi zinazotakiwa kuwa nyekundu. Mlinzi wa kutokea anaanza upya kumi yake kuanzia dakika hiyo.

Mfano: kadi nyekundu ni 31, yaani 310. Mzunguko wa kwanza umetoa 279, wa pili 286. Chukua 286, ipandishe iwe 290, kadi 29. Msimamizi, na ni yeye peke yake mwenye ruhusa hiyo, anageuza kadi mbili kuwa kijani.

Ikitokea kinyume, kadi zinasema 310 na watu ni 322, panda mpaka 330: chukua kadi mbili za kijani na uzigeuze nyekundu bila mtu kuingia. Kisha tafuta tundu kabla ya kufungua mlango. Kwa kawaida ni moja kati ya matatu: kuna anayeingilia kutokea, mlango wa mizigo uko wazi, au mpanga foleni anahesabu familia moja kama mtu mmoja.

Chagua muda ambao banda limepungua lenyewe. Ijumaa baada ya saa 6 mchana, watu wakienda msikitini, ni wakati mzuri. Siku ya mechi kubwa jioni vilevile.

## Hatua ya 8: Dakika ishirini za kwanza

Kadi zote 38 ni za kijani asubuhi, na kishawishi ni kuzimaliza kwa pupa. Toa kadi moja kila baada ya nusu dakika. Banda litajaa kwa dakika 19. Ukiwaingiza wote kwa mkupuo, wataanza kwenye vizimba vilevile vya mwanzo, watasogea kama kundi moja, na watafika mlango wa kutokea kwa wakati mmoja.

Ukishajaza, foleni inakuwa na mwendo unaotabirika. Watu 760 kwa saa ni karibu 13 kwa dakika. Hesabu watu 250 kutoka mlangoni, weka bango hapo: "Kuanzia hapa ni dakika 20." Watu wanaojua watasubiri muda gani hawasukumi. Foleni yenyewe ikunje kama nyoka kwa vyuma, na mkia wake usipite mbele ya mlango wa kutokea wala wa dharura, maana upana ule wa mita 3.2 hauna faida kama nje yake kuna ukuta wa watu.

## Yanayoharibu hata kadi zikiwa sawa

Mvua. Manyunyu yakianza, watu hawatoki na walio nje wanakimbilia ndani. Kadi zinaacha kurudi, hivyo kuingia kunajifunga kwenyewe, lakini msukumo mlangoni ni mkubwa. Turubai juu ya foleni ni sehemu ya vifaa kama tarehe zako ziko kwenye masika. Usipokuwa nalo, tangaza mapema mabanda mengine yenye nafasi, kabla watu hawajaanza kukimbia.

Kizimba cha bure. Ukomo wa 400 unadhani watu wametawanyika. Kizimba kikianza kugawa fulana au soda, 120 wanaweza kusongamana mbele yake kwenye mita za mraba 30. Hao ni wanne kwa kila mita moja ya mraba, kiwango ambacho mtu hawezi tena kugeuka apendavyo, huku kadi zikionyesha hali shwari. Msimamizi azunguke. Akiona mabega yanagusana pande zote, ugawaji usimame na foleni ya kizimba hicho ihamishiwe nje.

Uchovu. Baada ya nusu saa ya kubonyeza, kidole kinaendelea lakini jicho limelala. Badilisha anayebonyeza kila nusu saa na mwenzake wa mlango huohuo. Wakati wa kupokezana, anayeondoka aseme kwa sauti: "Kumi inayoendelea, nimefika sita," na anayeingia arudie.

Mashine za miale. Zile za kuwekwa kizingitini hutoa mwale, na mtu akiukata namba inapanda. Wawili wakipita bega kwa bega mwale unakatika mara moja, mtu mmoja mwenye mkokoteni unakatika mara mbili. Zinafaa kwa takwimu za waandaaji. Mlango usifunguliwe wala kufungwa kwa namba zake.

## Hatua ya 9: Kufunga siku

Kaunta za kubonyeza hazirudishwi sifuri katikati ya siku. Kadi ndizo zinazoongoza mlango; kaunta zinakuonyesha ulivyokosea.

Kuingia kukishasimama na banda likiwa tupu, msimamizi apite kwenye kila kizimba, jukwaa na stoo, kisha asome kaunta mbili. Tuseme kuingia ni 6,140 na kutoka ni 6,002. Watu 138 walitoka bila kuhesabiwa, kama wawili na kidogo katika kila 100. Kwa kanuni ya kutohesabu penye shaka, hilo ni la kawaida. Likipanda kufikia watano katika 100, chunguza mlango wa dharura: pengine umekuwa njia ya mkato kwenda chooni.

Kutoka kukizidi kuingia, hata kwa watu 20, usifungue kesho yake kabla ya kupata jibu. Haiwezekani watoke wengi kuliko walioingia. Kuna walioingia bila kuhesabiwa, na kutwa nzima kadi zilikuwa zikitoa nafasi ambazo hazikuwepo. Andika daftarini namba zote mbili, matokeo ya kila usawazishaji na saa yake, na kadi iliyopotea kama ipo. Kisha zigeuze kadi zote kijani, zihesabu mpaka 38, uzifungie pamoja na zile mbili.